Jedwali la mawazo kwa mwenye wasiwasi wa kijamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayejaza jedwali la mawazo peke yake au akisaidiwa na mshauri, na shida yake kubwa ni kuogopa macho ya watu: kuongea kikaoni, kula mbele ya wengine, kupiga simu wengine wakisikia. Mfano unaopita ukurasa mzima nimeutunga kutokana na mambo ninayoyaona yakijirudia, na si habari ya mtu fulani.

## Mambo ya msingi

1. Kurekebisha mawazo maana yake nini hasa?

Ni kulikamata wazo lililokupitia kichwani, kuliandika kama lilivyokuja, kulihoji kwa ushahidi, kisha kuandika wazo lingine linalolingana na ushahidi uliopatikana. Ni mojawapo ya kazi kuu katika tiba ya mawazo na tabia, na jedwali la mawazo ni karatasi yenye safu unayoifanyia kazi hiyo.

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Philadelphia, aligundua katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo ya aina mbili. Kulikuwa na yale waliyomweleza, na kulikuwa na mengine yaliyopita pembeni haraka haraka, ambayo hawakuyataja kwa sababu waliyaona ni ukweli wa kawaida tu. Hayo ya pembeni ndiyo yaliyokuja na huzuni au hofu. Tunayaita mawazo ya papo kwa papo. Hayaombi ruhusa, na kwa kuwa hupita upesi, hayapati nafasi ya kuulizwa chochote. Ukiliandika wazo kama hilo kwenye karatasi, linapata nafasi hiyo.

2. Si sawa na kujiambia maneno mazuri?

Hapana, na anayechanganya mambo haya mawili huacha zoezi ndani ya wiki ya kwanza. Mtu aliyetetemeka sauti mbele ya watu akijiambia "niliongea vizuri sana", nafsi yake inamkatalia palepale, kwa sababu anajua alitetemeka. Wazo jipya halitakiwi kuwa zuri. Linatakiwa kuwa sahihi kuliko la kwanza, na mara nyingi ndani yake kuna jambo usilolipenda. Utaona mfano katika swali la 9.

3. Wasiwasi wa kijamii una nini cha pekee mpaka uhitaji maelezo yake?

Anayeogopa mbwa anamtazama mbwa. Anayeogopa watu hawatazami watu, anajitazama mwenyewe. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walilieleza jambo hili mwaka 1995. Mtu akiingia mahali anapoogopa, umakini wake unageuka ndani: anasikiliza moyo unavyodunda, anapima joto la uso, anafuatilia mtetemo wa sauti. Kutokana na hayo anajijengea picha ya namna anavyoonekana kwa wengine, na picha hiyo anaichukua kama habari iliyotoka kwa wengine. Uso ukiwaka kwa ndani, anaona kwa nje amekuwa mwekundu kabisa, na kila mtu amegundua.

Kwa hiyo jedwali lake lina hatari ambayo jedwali la mwenye hofu nyingine halina sana: anaweza kujaza safu ya ushahidi kwa vitu vilivyotoka ndani yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu hatari hiyo.

## Kujaza jedwali

4. Jedwali lina safu ngapi?

Jedwali ambalo Beck na wenzake walilichapisha mwaka 1979 lilikuwa na safu tano: tukio, hisia, wazo, jibu la wazo, na matokeo. Siku hizi wengi hutumia saba: tukio, hisia, mawazo, ushahidi unaounga mkono wazo, ushahidi unaolipinga, wazo lenye mizani, na hisia zikipimwa tena. Kwa wasiwasi wa kijamii mimi nachagua saba bila kusita. Jedwali la safu tano linakuruhusu kuruka kutoka kwenye wazo hadi kwenye jibu, na unapita juu ya mahali penye ugonjwa wenyewe, yaani ushahidi.

5. Tukio niliandikeje?

Andika dakika moja, si siku nzima. "Kazi inanitisha" si tukio. Tazama hili, ambalo ndilo mfano wetu:

*Jumatatu saa nne asubuhi, kikao cha idara, tuko wanane. Nasoma taarifa ya mwezi. Nilipofika kwenye hesabu ya tatu nikanyamaza, natafuta namba kwenye karatasi.*

Huyu dada hakuandika "niliharibu taarifa". Hayo ni maoni, na nafasi yake iko safu ya tatu. Kwenye hisia aliandika neno moja moja na kulipa kila moja alama kati ya 0 na 100: wasiwasi 85, aibu 70. Ukijikuta umeandika "nilihisi kwamba wananidharau", hiyo si hisia. Ni wazo lililovaa nguo za hisia, lihamishe.

6. Mawazo ni mengi. Nichague lipi?

Yaandike yote kwanza. Yeye aliandika: "Sauti inatetemeka." "Wananisubiri." "Kwa nini niko hivi?" "Wote wameona sijui kazi yangu."

Swali halipimiki kwa ushahidi, kwa hiyo "kwa nini niko hivi?" ligeuze liwe kauli. Jiulize, jibu ninaloliogopa ni lipi? Jibu lake lilikuwa "nina kasoro ambayo wenzangu hawana". "Sauti inatetemeka" nalo huenda ni kweli tupu, na wazo lililo kweli halina cha kurekebishwa. Kwa wazo la aina hiyo uliza: hata ikiwa ni kweli, ubaya wake ni nini? Alijibu: "Wataona nina wasiwasi." Na wakiona? "Wataona sijui kazi." Hapo sura ikambadilika.

Unatafuta wazo ambalo peke yake linatosha kueleza zile alama 85 na 70. Wengine huliita wazo moto. Kwangu ni wazo linalouma. Kwake lilikuwa "Wote wameona sijui kazi yangu", na aliliamini kwa 90 kati ya 100. Jedwali moja, wazo moja. Mengine yasubiri siku yao.

7. Ushahidi unaounga mkono: niandike nini hapo?

Andika kila kinachokuja, kisha pitisha kila mstari kwenye kipimo kimoja: kama kamera ingekuwa imewekwa pembeni ya chumba, ingekinasa? Mara ya kwanza safu yake ilisomeka hivi:

*Moyo ulidunda sana. Uso uliwaka. Nilionekana mjinga. Nilinyamaza muda mrefu. Mmoja alikuwa anaangalia simu. Sauti ilitetemeka mwanzoni.*

Moyo kudunda hakunaswi na kamera. Uso kuwaka ni joto alilolisikia. Kama rangi ilibadilika, hajui. "Nilionekana mjinga" ndilo lile wazo linalopimwa, limerudi kwa mlango wa nyuma kujitolea ushahidi. Mistari mitatu ikafutwa. Sauti aliiacha, kwa sababu kinasa sauti kingeisikia. Simu aliiacha.

Ukabaki ukimya wa "muda mrefu". Mrefu kiasi gani? Nyumbani alichukua karatasi ileile, akasoma kwa sauti mpaka hesabu ya tatu, akatafuta namba kama alivyoitafuta siku ile huku saa ya simu inahesabu. Zikawa sekunde nne. Mstari ukaandikwa upya: *Nilinyamaza kama sekunde nne.* Ni mstari uleule, lakini sasa unaweza kupimwa.

Usifute chochote kwa sababu tu kinauma. Safu hii ikiwa tupu, utakuwa umejidanganya, na wazo jipya litabomoka mara ya kwanza mtu atakapokukunjia uso.

8. Na ushahidi unaopinga? Mimi sioni hata mmoja.

Hutauona ukiusubiri uje wenyewe, kwa sababu wakati wa tukio macho yako hayakuwa kwa watu. Mhusika wetu alipoulizwa alikuwa anatazama wapi, alisema: kwenye karatasi. Basi kati ya wenzake saba, wangapi aliwaona nyuso? Wawili. Kwa watano waliobaki hana habari yoyote, ila wazo lake linasema "wote". Huo pekee ni mstari wa kuandika: *Watano sikuwatazama.*

Kisha alirudi kwenye kikao kama anayetazama mkanda. Mwenzake mmoja aliuliza swali juu ya hesabu ya pili, kumbe alikuwa anafuata. Mkuu wa idara aliomba atumiwe ile hesabu. Mwenye simu aliitazama pia wakati wengine wakiongea. Mwisho akaulizwa: wengine wakinyamaza hivyo, wewe unawaonaje? Akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma mwenzake alipotea kwenye karatasi yake, na yeye hakuwaza lolote juu ya ujuzi wa yule mtu. Alikuwa ameshasahau. Nikilazimika kumwachia mtu swali moja tu la kutembea nalo, ni hilo la mwisho, kwa kuwa wenye shida hii huwapima wengine kwa mizani ya haki na kujipima wenyewe kwa nyingine.

Kuna jaribio linalofaa kukumbukwa hapa. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha mwaka 2000 habari ya wanafunzi waliovalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambayo kwao ilikuwa aibu kuivaa, kisha wakaingizwa kwenye chumba walimokaa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo walimtambua aliyechorwa. Waliomtambua kweli walikuwa karibu robo. Hawakuwa sifuri, na kwa hiyo jedwali la kweli halisemi kwamba hakuna aliyekuona.

9. Wazo lenye mizani linaandikwaje?

Soma safu mbili za ushahidi, kisha andika sentensi ambayo mtu asiyekujua angeikubali baada ya kuzisoma zote mbili. Yeye aliandika:

*Nilinyamaza kama sekunde nne, na huenda mmoja au wawili waligundua nina wasiwasi. Sina dalili kwamba yeyote aliona sijui kazi. Wawili waliishughulikia taarifa yenyewe.*

Angalia "huenda mmoja au wawili waligundua". Alitaka kulifuta, nami nafurahi kwamba halikufutwa, maana ndilo linaloifanya sentensi isimame. Angalia pia kwamba wazo la kwanza liliunganisha mambo mawili, kuwa na wasiwasi na kutojua kazi, kana kwamba ni kitu kimoja. Wazo jipya limeyatenganisha. Kwa wasiwasi wa kijamii, mara nyingi wazo hugeukia kwenye kiungo kama hicho.

Pima imani yako kwa wazo jipya: alisema 70. Ikiwa chini ya 50, sentensi ina chumvi au ushahidi ni haba. Rudi swali la 7.

10. Alama zishuke kiasi gani ndipo niseme limefanya kazi?

Kwake wasiwasi ulishuka kutoka 85 hadi 45, aibu kutoka 70 hadi 30, na imani kwa wazo la zamani kutoka 90 hadi 40. Hilo ni jedwali zuri. Hata kushuka kwa alama kumi au kumi na tano ni habari. Zikishuka hadi sifuri kila mara, nashuku unaandika majibu unayodhani yanatakiwa. Zisiposhuka kabisa, ama ulichagua wazo lisilouma (swali la 6), ama wazo lako ni picha (swali la 13), ama unahitaji kinachofuata.

## Jedwali linapokwama

11. Kichwa kinakubali lakini moyo unakataa. Nifanye nini?

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na aghalabu moyo una hoja. Unasema: hawakuona kwa sababu nilijificha.

Mhusika wetu alikuwa na namna zake za kujikinga. Alisoma haraka ili amalize, hakuinua macho, alibana kalamu ili mkono usionekane ukitetemeka, na usiku wa jana yake alikariri kila sentensi. Kikao kikiisha salama, sifa zinaenda kwa kalamu na kukariri. Tena baadhi ya kinga huleta kilekile kinachoogopwa: anayesoma mbio sauti humkauka, na asiyeinua macho huonekana hataki kuongea na watu. Jedwali haliwezi kuumaliza ubishi huu kwa maneno, kwa sababu ushahidi wote ulikusanywa huku amejificha.

Inabidi upatikane ushahidi mpya, kwa jaribio. Chini ya jedwali aliandika anachotabiri kwa namna inayohesabika: *Nikinyamaza sekunde tano kwa makusudi na kuwatazama, angalau wanne watakunja uso au watatazamana.* Aliamini hivyo kwa 60. Kikao kilichofuata aliiacha kalamu mezani, akanyamaza katikati ya taarifa, akainua macho, akahesabu. Wawili walikuwa wanasoma karatasi zao, mmoja anaandika, mmoja anakunywa maji, watatu wanamtazama wakisubiri. Waliokunja uso: hakuna. Imani kwa wazo la zamani, iliyokuwa imekwama kwenye 40, ilishuka hadi 15.

Kama ningekuwa na saa moja tu ya kumpa mtu, robo yake ningeitumia kwenye jedwali, na iliyobaki kwenye jaribio ambalo jedwali limelizaa.

12. Je, kama ni kweli walinicheka?

Basi liandike kwenye ushahidi unaounga mkono, wala usilitafutie udhuru. Jedwali linapima wazo, halimtetei yeyote. Likithibitika, maswali yanabadilika: waliocheka ni wangapi, walicheka nini hasa, na kicheko hicho kinathibitisha lipi kati ya "nilikosea neno" na "sifai"? Mara nyingi tukio ni kweli, na hukumu iliyotolewa juu yake ni kubwa kuliko tukio.

Ila kama kuna mtu anakudhalilisha kila mara, shida haiko kwenye mawazo yako, na kukaa ukiyarekebisha ni kumlinda yeye. Hapo pa kushughulikia ni tendo lake: kulisema, kulishtaki, au kuondoka.

13. Mimi sipati maneno, napata picha.

Ni jambo la kawaida sana kwa wasiwasi wa kijamii, na mara nyingi mtu hujiona kwenye picha hiyo kutoka nje, kana kwamba macho ni ya mtu mwingine. Ichore kwa maneno kwenye safu ya tatu: *najiona nimeinama, uso umeiva, midomo inacheza.* Kisha iulize kama wazo lolote: inadai nini kuhusu nilivyoonekana?

Dawa kali ya picha ni picha nyingine. Katika tiba aliyoiunda Clark na wenzake, mtu hurekodiwa video akiongea. Kabla ya kuitazama, anaeleza kwa undani anachotarajia kuona: uso utaiva kiasi gani, mikono itatetemeka vipi. Kisha anaitazama kama anayemtazama mgeni, akifuata kinachoonekana tu na kuacha alichokuwa akikihisi. Ukiruka hatua ya kutabiri, utaitazama video huku ukikumbuka hofu yako, na hofu ndiyo utakayoiona.

14. Kila nikijaza, nalirudia tukio kichwani usiku kucha. Najidhuru?

Inawezekana. Wenye shida hii wana tabia ya kufanya kama uchunguzi wa maiti baada ya kila mazungumzo, na jedwali linaweza kuwa kalamu na karatasi za uchunguzi huo. Vitofautishe kwa dalili. Jedwali huongeza habari na hufika mwisho. Kurudia rudia huzunguka kwenye picha ileile na aibu inapanda. Ukiona aibu imepanda kati ya safu ya tatu na ya saba, acha.

Jiwekee nusu saa, tukio moja mara moja, na usijaze ukiwa kitandani. Tukio lililokwisha kujazwa lisirudiwe ila umepata ushahidi mpya.

15. Nijaze kabla ya tukio au baada?

Baada, siku hiyohiyo, wakati kumbukumbu bado ina vitu vya kamera. Kabla ya tukio tumia nusu tu: wazo, unachotabiri, na kinga utakayoiacha. Wakati wa tukio usijaze chochote, hata kichwani. Anayekagua mawazo yake katikati ya mazungumzo ameugeuza umakini ndani kwa mara nyingine, na hilo ndilo tatizo lililoelezwa katika swali la 3. Kazi yako hapo ni kutazama na kusikiliza watu.

16. Lini nisiendelee peke yangu?

Ukiwa umejaza majedwali kama kumi na hakuna jaribio hata moja lililofanyika, unahitaji mtu wa kusimama nawe. Vivyo hivyo kama unategemea pombe ili uweze kukaa na watu, au umeacha kazi, masomo au matibabu kwa kuwakwepa. Na kama kuna mawazo ya kutaka kufa, weka jedwali chini, umwambie mtu wa karibu, na ufike kituo cha afya leo.

Ukimtafuta mtaalamu, muulize kama anatibu wasiwasi wa kijamii kwa njia ya Clark na Wells au ya Richard Heimberg. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2013 unawapendekezea watu wazima tiba ya mtu mmoja mmoja kwa njia mojawapo ya hizo, na kwa ile ya kwanza unataja hadi vikao 14 vya dakika 90 katika muda wa miezi minne hivi. Urefu huo una sababu: vikao vingi vinaishia nje ya kiti, kwenye majaribio na video. Nenda na majedwali yako, hata yale yaliyoharibika. Mtaalamu mzuri ataanzia kwenye mistari uliyoifuta.